Vidole Vinavyokibebea Kifundo Mzigo: Kwa Wanaoanza Pushapu na Kusimama kwa Mikono

Wengi wa wanaoanza pushapu huacha uzito wote utue kwenye kitako cha kiganja, huku vidole vimelala sakafuni bila kazi. Baadaye hulalamika kwamba kifundo kinauma upande wa mgongo wa mkono, wakadhani kifundo chao ni dhaifu. Mimi huanza kwa kuwatazama vidole.

Mkono ukisimama wima juu ya kiganja, kifundo hukunjwa kwenda nyuma takriban nyuzi 90, na kwa watu wengi huo ni karibu mwisho wa uwezo wake. Kinachokikunja ni uzito wa mwili ukikutana na sakafu. Misuli inayoweza kuzuia kisikunjwe zaidi ni ile ya upande wa ndani wa kigasha, ambayo kano zake hupita kifundoni, nyingine zikafika hadi vidoleni. Vidole vikikandamiza sakafu, misuli hiyo hukaza na kubeba sehemu ya mzigo. Vikilegea, mzigo huangukia mifupa na tishu zinazokifunga kiungo.

Chukua mtu wa kilo 60. Katika pushapu, mikono ikiwa imenyooka, viganja hubeba takriban theluthi mbili za uzito wake, yaani kama kilo 20 kila kimoja. Akisimama kwa mikono, kila kimoja hubeba 30. Hata hivyo, muhimu zaidi ni mahali uzito huo unapotua. Anayesimama kwa mikono auweke katikati ya kiganja, karibu na mashina ya vidole. Mwili ukielemea upande wa vidole, avikandamize zaidi ili aurudishe. Ukielemea upande wa kitako, alegeze kidogo. Lakini ukishafika kwenye kitako chenyewe, vidole havina msaada tena, na hulazimika kujiokoa kwa mabega au kwa kukunja viwiko, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Ili kujikagua, piga magoti, weka viganja sakafuni vidole vikitazama mbele, kisha sukuma mabega mbele taratibu. Ncha za kucha zibadilike rangi kwa kukandamizwa, na shina la kidole cha shahada lisiinuke. Likiinuka, uzito umehamia upande wa kidole cha mwisho, na maumivu ya upande huo hayatakawia. Ukiona kitako cha kiganja kinanyanyuka kabla kigasha hakijawa wima, kifundo hakijafikia nyuzi 90, na kukandamiza vidole hakutaliondoa tatizo hilo. Kwa sasa weka ubao ulioinama chini ya viganja, upande mnene ukiwa kwenye kitako, au fanya pushapu kwa ngumi, ambapo kifundo hubaki kimenyooka. Ngumi, hata hivyo, haivizoeshi vidole kazi ya kusawazisha mwili, kwa hiyo usiitegemee ikiwa lengo lako ni kusimama kwa mikono.

Uchovu upande wa ndani wa kigasha ni dalili kwamba misuli inafanya kazi. Mchomo mkali nyuma ya kifundo ni dalili ya kusimamisha zoezi papo hapo.