Kamera ya geti inayozimika magharibi

Mdogo wangu unayeanza kazi hii ya kufunga kamera, kabla hujaipandia ngazi kamera inayozimazima, muulize mwenye nyumba inazimika saa ngapi. Mimi sikuuliza. Nyumba ya wageni kule Nyali, kamera ya geti ilikuwa ikizima na kuwaka mara kwa mara. Nikabadilisha waya, kisha kamera yenyewe, na bado. Mwishowe bawabu ndiye aliyeniambia: "Fundi, mchana haina shida. Ikifika saa kumi na mbili na nusu ndipo inaanza."

Giza likiingia, kamera huwasha taa za infraredi na ulaji wa umeme hupanda. Swichi ya PoE, inayozipa kamera umeme kupitia waya uleule wa mtandao, ina mipaka miwili. Kila poti ya 802.3af, yaani kiwango cha kawaida cha PoE, hutoa hadi wati 15.4, na hapo hatukuwa na tatizo. Mpaka wa pili ni jumla ya poti zote, na swichi yetu ya poti 8 iliandikwa wati 65. Tulikuwa na kamera sita na aksespointi mbili za Wi-Fi. Mchana kamera zilikula wati 4 kila moja na aksespointi wati 10 kila moja, jumla 44. Usiku kamera zilifika wati 8, jumla 68. Swichi ikaikata poti ya mwisho, yaani geti. Ulaji ukashuka hadi 60, ikairudishia umeme, kamera ikaamka kwa wati 4, taa zikawaka, ikakatwa tena. Usiku kucha.

Niliziwekea aksespointi injekta zake, yaani vifaa vya kuingiza umeme kwenye waya wa mtandao, za 802.3af, ndani karibu na swichi: waya wa swichi kwenye tundu la LAN, wa aksespointi kwenye tundu la PoE. Swichi ikabaki na wati 48 za kamera. Nafasi hiyo ya robo hivi naipenda, maana mteja haachi kuongeza kamera.

Injekta isome kabla ya kununua. Zile za volti 24 za bei rahisi husukuma umeme bila kuuliza kilichopo upande wa pili. Kamera ya 802.3af kwa kawaida haitawaka nayo, na kifaa kisichotaka umeme huo kinaweza kuungua. Ya 802.3af hukipima kifaa kwanza, ndipo itoe.

Waya nao ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa; irudishe dukani. Hupoteza umeme zaidi njiani na hukatika upesi kwenye kiungio. Chukua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, ganda la nje la kuhimili jua, na usivuke mita 100 kutoka swichi hadi kamera, hata ukiweka injekta katikati. Kiungio cha nje kiingize ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, maana chumvi ya bahari hapa kwetu huzifanya pini kuwa kijani.

Na jaribio la mwisho usisubiri magharibi. Zifunike kamera zote kwa kitambaa cheusi mchana, taa ziwake pamoja, kisha uiangalie swichi kwa dakika kumi.