Ini la Kisumu, moyo wa Likoni

SWALI: Mimi ni Mjaluo wa Kisumu na mchumba wangu ni wa Likoni, Mombasa. Juzi nilimwandikia, "Nakupenda kwa ini langu lote." Akacheka, akaniuliza kama niko buchari. Siku nyingine nilimwambia, "Tumbo langu limeungua," kwa sababu alikuwa amenikasirisha, naye akanishauri ninywe maziwa. Kwetu maneno haya ni ya kawaida. Je, nimekosea Kiswahili au yeye ndiye hanielewi?

JIBU: Umekosea, kijana wangu, lakini si kwa kiasi anachodhani huyo mchumba wako. Ini limo katika Kiswahili cha mapenzi, tena cha huko huko kwao Pwani. Wewe umeliingiza kwa mlango usio wake.

Tuanzie kwenu. Katika Dholuo, *chuny* ni ini, lile lile linaloning'inia kwenye ndoano ya mchinjaji. Ni hilo hilo pia linalofurahi, linalotamani na linalofarijiwa. Mtu akifurahi husema *chunya mor*. Akimtamani mpenzi wake humwambia *chunya gombi*. Kamba ya mapenzi ikishafungwa kabisa, husema *aheri gi chunya duto*, nawe hapo ndipo ulipotoa "ini langu lote", neno kwa neno. Moyo unaodunda kifuani una jina lake, *adundo*, ila katika semi hizi tatu haukuitwa.

Sasa nenda kanisani Jumapili, katika ibada ya lugha mbili. Amri ya kumpenda Mungu inaposomwa, Biblia ya Dholuo inasema *gi chunyi duto*, na ya Kiswahili inasema "kwa moyo wako wote". Umewahi kumwona muumini akiinua mkono kulalamika kwamba huyu katajiwa ini na yule katajiwa moyo? Hakuna, kwa sababu wafasiri hawakufasiri kiungo, walifasiri kazi ya kiungo. Walijiuliza, "Mswahili akipenda kwa nafsi yake nzima, anataja nini?" Jibu likawa moyo. Ungejiuliza swali hilo kabla ya kuandika, mchumba wako asingekutuma buchari.

Na wafasiri hao hao, pale waliposahau kujiuliza, waliteleza kama wewe. Fungua Yeremia 17:10 katika Biblia ya Union ya mwaka 1952: "nauchunguza moyo, navijaribu viuno." Viuno! Waebrania wa kale waliweka nia za siri za mtu katika figo, na figo ziko upande wa kiunoni, basi neno likashuka hadi hapo. Msomaji wa Kiswahili anabaki akijiuliza Bwana anajaribu nini huko, maana kwetu kiuno ni cha ngoma na cha maumivu ya uzee.

Turudi kwa ini lako. Kiswahili hakikulinyima hisia. Kililipa upande mmoja wake, nao ni uchungu. "Maneno yake yalinikata maini," husema mtu aliyetukanwa na mwandani wake. Aliyetukanwa na makanga wa matatu hasemi hivyo, hukasirika tu. Maini hukatwa na wa karibu. Biblia hiyo hiyo, katika Maombolezo 2:11, ina mtu anayelia kwa ajili ya mji wake ulioangamia, akasema, "Ini langu linamiminwa juu ya nchi." Hapo ini limefasiriwa moja kwa moja, na halimshangazi msomaji hata kidogo, kwa sababu limeangukia penye uchungu, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kimeshaliandalia kiti.

Angalia na umbo la neno. Moyo wa mtu mmoja ni mmoja: ninakupa moyo, nimevunjika moyo, nimekufa moyo. Lakini maini, kwa mazungumzo ya kila siku, huwa mengi hata yakiwa ya mbuzi mmoja. Hakuna anayemwambia mchinjaji amkatie "ini nusu kilo". Usemi wa uchungu nao umeshika wingi huo huo: hunikata *maini*. Kwa hiyo "ini langu lote" lina kasoro mbili. Limepewa kazi ya moyo, na limekaa umoja pale ambapo sikio la Mswahili lilizoea wingi. Ungelisema kwa wingi, "kwa maini yangu yote", ndipo mambo yangeharibika zaidi. Hapo kungebaki kukaangwa na vitunguu.

Lakini upo usemi mmoja wa mapenzi ambamo ini limekaa kwa umoja na kwa heshima zake zote. Mtu humwita mpenzi wake "nyongo mkalia ini". Wengi hutamka *nyonga*, na huenda mchumba wako pia anautamka hivyo. Mimi nashikilia *nyongo*, na sababu yangu haitoki kwenye kamusi. Inatoka kwa mchinjaji mmoja hapa mtaani Nyalenda ambaye huniuzia nyama kwa deni.

Siku moja nilimtazama akitoa maini ya mbuzi. Chini ya ini kuna kifuko kidogo cha kijani, kimeshikamana nalo kama kidole na ukucha. Hiyo ndiyo nyongo. Hakuivuta. Alilaza ini kwenye ubao, akashika kifuko kwa vidole viwili, akapitisha ncha ya kisu taratibu, akakata pamoja na kipande kidogo cha ini lenyewe. Nikamuuliza kwa nini apoteze nyama. Akasema, "Mwalimu, hii ikipasuka, ini lote linakuwa chungu, na hata ulioshe mara ngapi halifai." Nikaondoka na robo yangu nikiuelewa usemi ambao nilikuwa nimeufundisha miaka mingi bila kuuona. Nyongo imelikalia ini. Kuitoa kwa nguvu ni kuharibu vyote viwili. Mpenzi wa namna hiyo habanduliki, na akibanduliwa kwa pupa huacha uchungu usiooshwa. Nyonga, pale paja linapoungana na kiuno, inalikaliaje ini? Iko mbali nalo. Lakini sitakugombanisha na watu wa Likoni kwa herufi moja. Akikwambia nyonga, mwitikie.

Uone basi tofauti ilivyo. Katika usemi huo ini halipendi. Ini ni pale mpenzi alipokaa. Chuny ya Dholuo ni mtendaji: inatamani, inafurahi, inachoka. Ini la Kiswahili ni kitu cha ndani kabisa kinachoguswa, kinachokatwa, kinachokaliwa. Ukishaishika tofauti hiyo, utajua mwenyewe lini uandike ini na lini uandike moyo. Iwapo kiungo ndicho kinachofanya kazi ya kupenda au kutaka, andika moyo. Iwapo kinafanyiwa, tena kwa uchungu au kwa ukaribu mno, ini linaweza kufaa. *Chunya gombi* ni "moyo wangu unakutamani". *Chunya mor* wala haihitaji kiungo. "Nimefurahi" inatosha, na wanaolazimisha "moyo wangu umefurahi" kila mara huonekana kama wanatunga wimbo wa kwaya.

Kinyume chake pia kina hatari. Mchumba wako akijifunza Dholuo kwa pupa, atataka kusema "nimekufa moyo", achukue *adundo* kwa sababu ameambiwa ndiyo moyo, aseme *adundona otho*. Wajomba zako watadhani moyo umesimama kweli na wataita gari. Mwelekeze kwenye *chunya onyosore*.

Kuhusu tumbo, nakuhurumia, kwa maana na mimi limenipata. Kwetu Bungoma hisia ziko kwenye *kumwoyo*, jirani wa karibu kabisa wa moyo wa Kiswahili, basi sikuwahi kupata shida hadi nilipooa Kisumu. Mama mkwe wangu, mwaka wetu wa kwanza, alikaa sebuleni kwangu akasema *iya owang'*. Dholuo yangu wakati huo ilikuwa ya sokoni: *iya* tumbo langu, *owang'* limeungua. Nikakimbia dukani nikarudi na maziwa baridi. Akayatazama, akanitazama, hakuyanywa. Mke wangu ndiye aliyenieleza jikoni kwamba mama amekasirika, na kwamba aliyemkasirisha ni mimi.

Wajaluo huweka ghadhabu tumboni, ndiyo *ich wang'*. Waswahili tumboni wameweka mambo mengine mawili. La kwanza ni uzazi: ndugu wa tumbo moja, mtoto wa tumbo langu. La pili ni wasiwasi. Soma gazeti la Kiswahili la hapa Kenya msimu wa mchujo wa vyama, utaona wabunge wana "tumbo joto". Hawajakasirika hao, wanaogopa kupoteza kiti. Kwa hiyo usijaribu kujirekebisha kwa kumwandikia mchumba wako, "Umenipa tumbo joto." Atadhani umefanya jambo na unaogopa atalijua. Hasira mwambie kwa jina lake, "nimekasirika", au "hasira zimenipanda". Ikiwa ni ile hasira iliyochanganyika na kuumizwa, ambayo nadhani ndiyo uliyokuwa nayo, Kiswahili kina "roho inaniuma". Chunga tu unaposema neno hilo baada ya kumwona akicheka na mwanamume mwingine, maana hapo litasikika wivu.

Si nyinyi peke yenu mnaopenda kwa ini. Wamalei humwita mpenzi *jantung hati*, moyo-ini, wakaweka vyote viwili wasipate lawama. Katika Kiurdu na Kihindi mtoto kipenzi huitwa kipande cha *jigar*, na jigar ni ini. Waarabu nao huwaita watoto wao maini yao yanayotembea juu ya ardhi. Kiarabu kimetupa laazizi, habibi na mahabuba, lakini ini lao hilo halikuvuka bahari kuja kukaa katika mahaba yetu, pengine kwa sababu moyo ulikuwa umeshajaza nafasi.

Ujumbe wako ungeandikwa hivi: "Nakupenda kwa moyo wangu wote, nyongo mkalia ini wangu." Moyo umefanya kazi yake, ini limebaki mahali pa kukaliwa, na mtu wa Likoni hatapata pa kucheka. Na ukitaka kumwita kwa jina la kwenu, usilifasiri. Mwite *Chunya*, umweleze mara moja maana yake, kisha mwache alizoee kama babu zake walivyozoea habibi.