Ukitaka mbanguaji wa korosho akutofautishe na wahasibu wengine, anza na mizani yake

Miaka yangu mitatu ya mwanzo hapa Mtwara nilikuwa nagonga milango ya viwanda vidogo nikiwa na karatasi moja yenye orodha: kuandaa vitabu, ritani za TRA, mishahara, ukaguzi. Wenye viwanda waliisoma kwa adabu, wakaikunja, halafu wakauliza bei. Mteja mmoja niliyemhudumia miezi kumi na minne aliniacha kwa sababu mwenzangu alimpunguzia shilingi elfu ishirini kwa mwezi. Nilipomuuliza kama kazi yangu ilikuwa na kasoro, alisema, "Hapana, ila mhasibu ni mhasibu tu."

Iliniuma, lakini kwa alichokuwa akikiona alikuwa sahihi. Ritani ya mwaka ya kampuni hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Ikiandaliwa na mimi au na mwingine mwenye usajili wa NBAA, kwa mwenye kiwanda karatasi ni ile ile, na inamfikia wakati korosho zilizompa hasara zimeshaliwa zamani. Kama hiyo ndiyo bidhaa yako, kitakachokutofautisha ni bei peke yake.

Kwa hiyo niliacha kuuza orodha. Nilichagua wabanguaji wadogo wa korosho, nikaanza kuwauzia jibu la swali moja: kilo moja ya korosho iliyobanguliwa imekugharimu shilingi ngapi, mkupuo kwa mkupuo? Wengi wana bei ya kununulia kichwani na bei ya kuuzia kichwani, na katikati wanajaza kwa makisio.

Aliyenifundisha namna ya kuifanya kazi hii ni mama mmoja wa upande wa Masasi. Nilifika kwake nikamwamkia, na hata sijakaa akaniambia, "Mwanangu, kama umekuja kwa ajili ya vitabu, ninaye mtu." Nikamwambia sikuja kwa ajili ya vitabu. Nikamuuliza mkupuo uliopita ulitoa kilo ngapi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ulitoa pungufu. Hawa vijana wangu wa kubangua wananiibia."

Tukakaa na daftari lake la stoo. Namba hapa nimezifanya za duara ili hesabu ifuatike. Alinunua tani 10 za korosho ghafi mwanzoni mwa msimu, kwa shilingi 3,000 kilo, jumla milioni 30. Kuchemsha kwa mvuke, kubangua, kukausha, kumenya lile ganda jembamba, kupanga madaraja na kufungasha kulimla milioni 6.3. Yeye alihesabu kwa kanuni ya kilo nne ghafi kutoa moja, yaani alitarajia kilo 2,500. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ilimgharimu 14,520, na korosho zima alikuwa akiuza 20,000. Aliamini anapata zaidi ya elfu tano kwa kila kilo.

Daftari la kufungashia lilionyesha kilo 2,100. Gawanya milioni 36.3 kwa 2,100, gharama inapanda hadi karibu 17,290. Na zima zilikuwa kilo 1,365 tu. Zilizobaki 735 zilikuwa vipande, alivyoviuza 12,000. Jumla ya mauzo ikawa milioni 36.12. Mkupuo mzima ulikuwa na hasara ya shilingi 180,000, kabla hata ya kuweka riba ya fedha alizokopa kununulia.

Zile kilo 400 zilizopungua ndizo alizodhani zimeibwa. Korosho alizipokea zikiwa na unyevu wa asilimia 12, karatasi ya kipimo ilikuwa imebanwa kwenye daftari lile lile na hakuna aliyeifanyia kazi. Akazikausha hadi asilimia 8 ili zisioze stoo. Katika kilo 10,000 zenye unyevu wa asilimia 12, kitu kikavu ni kilo 8,800. Ukikausha hadi asilimia 8, kilo 8,800 zinakuwa sehemu 92 za 100, kwa hiyo uzito wote unabaki kama kilo 9,565. Kilo 435 zilikuwa maji aliyoyalipia 3,000 kila kilo, zaidi ya milioni 1.3. Kwa kanuni yake ya moja kwa nne, maji hayo yanaeleza kama kilo 109 za upungufu. Zilizobaki zilitokana na kutarajia makubwa kuliko korosho zenyewe: hizo kilo 9,565 kavu zilitoa asilimia 22, si 25. Angejua hayo mapema kama angechukua kilo moja ya sampuli kutoka magunia mbalimbali, akaipasua kwa mkono na kupima kiini kabla ya kulipa.

Alichosema baada ya hapo bado nakikumbuka: "Kumbe nimewafukuza wale vijana wawili bure."

Tangu siku hiyo najitambulisha hivyo hivyo. Naomba mkupuo mmoja uliokwisha, nautoza bei ndogo inayojulikana, na narudisha ukurasa mmoja: ghafi zilizoingia, uzito baada ya kukausha, kilo zilizotoka, zima na vipande, gharama ya kilo, na palipovuja. Usifanye bure. Niliyemfanyia bure hakunipa daftari la kweli. Aliyelipa anakufungulia kabati.

Vitabu na ritani huja vyenyewe baadaye, na hapo ndipo utaalamu unapozidi kuonekana. Wenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba wanafunga vitabu katikati ya msimu, stoo ikiwa imejaa ghafi. Mhasibu anayekaa ofisini huandika makisio ya stoo, na faida yote ya mwaka inategemea makisio hayo. Mimi siku hiyo nipo ghalani nahesabu magunia na kupima machache, na mteja ananiona nikifanya hivyo.

Kuna mambo mawili yatakayokukwamisha. La kwanza, ukijulikana kama mhasibu wa korosho, wateja wako wanashindana wao kwa wao, na mji huu ni mdogo. Utaulizwa, "Fulani anabangua kwa shilingi ngapi?" Mimi hujibu kwamba kesho atakuja kuniuliza habari zako. Ukitoa namba moja tu, hata kwa kificho, kazi yote imekufa. La pili, ukurasa huo hauhamishiki ovyo. Niliwahi kuupeleka kwa mzalishaji wa chumvi Lindi, nikajiaibisha. Yeye hanunui malighafi. Gharama yake ni vibarua, matuta ya mashamba na siku za mvua, na swali lake ni kuvuna lini. Nilimwomba radhi nikaondoka. Ningekubali kazi ile, ningekuwa tena mhasibu wa orodha.

Na asiyepima usimchukue. Kiwanda kisicho na mizani mlangoni na nyingine kwenye kufungasha hakina cha kukupa, utaishia kuandika makisio yake kwa mwandiko mzuri. Mwambie anunue mizani kwanza, kisha akuite.

Msimu uliofuata, yule mama alinipigia simu akiwa amesimama kwenye magunia. Hakuuliza habari za kodi. "Mwanangu, hizi zinasoma kumi na moja na nusu," alisema, "na huyu anataka elfu tatu. Nimpe ngapi?"