Ukimlipa mtoto asome hadithi

Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichukua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe, la pili likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa baada ya kuchora, la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikarudishwa mezani, kila mtoto acheze atakacho. Walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Wale wa kushtukizwa hamu yao haikupungua. Kumbe kinachoharibu ni ile "ukifanya, utapata".

Sasa mchukue mtoto wa miaka tisa anayelipwa shilingi 500 kwa kila hadithi. Mwanzoni anasoma mbio. Kisha utamwona anachagua vitabu vyembamba vyenye picha nyingi, na anauliza zimebaki kurasa ngapi. Ukimuuliza mhusika alifanya nini, hajui. Ukipandisha dau hadi 1,000 atarudi kwa siku chache, halafu hiyo nayo inakuwa kawaida.

Acha malipo siku moja, tena kwa kumwambia wazi: kuanzia leo hadithi hazilipiwi. Kupunguza kidogokidogo huzaa ubishi wa bei tu. Kisha mpe nafasi ya wiki mbili bila kumsukuma. Huenda asiguse kitabu kabisa. Vumilia, maana hapo ndipo wazazi wengi hurudisha pesa na kuharibu kazi yote.

Baadaye weka vitabu vitatu mezani, achague mwenyewe. Afungue ukurasa wowote wa katikati na akunje kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado ni kigumu, na ugumu huo mara nyingi ndio tuliokuwa tunauita uvivu. Jioni someni kwa kupokezana dakika kumi, mkomee pale sungura anapokaribia kukamatwa. Kesho yake usiulize "umesoma kurasa ngapi?" Uliza "sungura alitokaje?"

Kusifu hakukatazwi, ila sifia kitu alichofanya: "umebadilisha sauti ulipofika kwa fisi." "Ukiendelea hivi nitafurahi" ni malipo yaleyale kwa sarafu nyingine.

Kupima kama hamu imerudi, acha kitabu sebuleni Jumamosi asubuhi, usiseme neno, na uangalie anakishika kwa dakika ngapi. Rudia Jumamosi tatu, kwa sababu siku moja inaweza kuwa ya mvua tu.

Kuosha vyombo ni habari nyingine. Hapo tangu mwanzo hakukuwa na hamu ambayo malipo yangeiua, kwa hiyo ukitaka kutoa zawadi, toa.