Makengeza au pua pana tu? Tulivyogundua kwa wetu

"Wadau, binti yangu ana miezi 7. Jicho moja kuna muda linakimbilia puani, hasa akichoka. Mama mkwe anasema nisihangaike, yataisha akikua. Nisubiri?"

Usisubiri, dada. Jicho kupotea mara moja moja ni kawaida kwa kichanga hadi miezi 3 au 4, ubongo ukiwa bado unajifunza kuyaongoza macho mawili kwa pamoja. Wako ameshapita hapo.

Inawezekana pia si makengeza. Watoto wengi wana pua pana kwa juu, na ngozi ya pembeni inafunika weupe wa jicho upande wa puani, basi unaona kama jicho limeingia ndani. Mpige picha yenye flashi akikutazama usoni, kisha ikuze. Angalia kinukta cha mwanga kwenye kila jicho. Vikiwa sehemu ileile kwa macho yote mawili, huenda ni pua tu. Kimoja kikisogea upande wa sikio, jicho hilo limeingia ndani. Shida ya picha ni kwamba makengeza ya kuja na kuondoka yanaweza kujificha siku hiyo, kwa hiyo picha nzuri isikuzuie kwenda.

Wetu alianza akiwa na miaka 2, jicho la kushoto, akitazama kitu cha karibu. Zahanati tuliambiwa atakua nalo tu. Kilichonishtua ni mchezo wa kumziba macho. Nikifunika la kushoto anaendelea na katuni zake. Nikifunika la kulia analia na kuusukuma mkono wangu. Nilirudia siku tatu, ikawa vilevile. Maana yake kushoto alikuwa haoni vizuri.

Kwa daktari wa macho aliwekewa matone ya kupanua mboni, akapimwa bila kuulizwa herufi yoyote (nami nilidhani mpaka ajue kusoma!). Macho yalikuwa yanajikaza mno ili yaone karibu, ndiyo maana jicho likavutwa ndani. Akapewa miwani, likanyooka akiwa ameivaa. Lakini ubongo ulikuwa umeshazoea kulipuuza lile jicho, kwa hiyo tukaambiwa tuzibe la kulia, lile zima, kwa plasta kwa muda wa saa 2 kila siku. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Plasta tuliikuta imebandikwa kwenye mdoli. Tiba hii hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, na kuanzia miaka 7 hivi inazidi kuwa ngumu. Ndiyo hasara ya kungoja akue.

Ukiwa na hizo picha, tazama jambo moja zaidi. Ikiwa mboni ya jicho moja inatoka nyeupe yote badala ya nyekundu au nyeusi, mpeleke hospitali yenye daktari wa macho wiki hiihii, kama KCMC au CCBRT ukiwa Tanzania. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho, na hiyo nayo huweza kuanza kwa makengeza tu.