Miaka 29, si 35

*Swali la wiki: Umeombwa uandike wasifu wa kikazi wa mwenzako aliyefariki, utakaochapwa kwenye kijitabu cha kumbukumbu. Utauandikaje uwe wa heshima, wenye upendo na usio na makosa?*

Kazi hiyo niliifanya mwaka 2023, alipotutoka dada tuliyefanya naye kazi chumba cha upasuaji. Jina lake nitaliacha. Alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi ndiye aliyesimama upande wa meza ya vifaa, akimkabidhi daktari alichohitaji hata kabla hajakitaja. Familia ilinipa siku tatu na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye sentensi hii: "Alilitumikia taifa kwa miaka 35 mfululizo kama muuguzi mkuu na mwanzilishi wa utaratibu wa kuhesabu vifaa vya upasuaji."

Sentensi hiyo iliandikwa kwa mapenzi, lakini ilikuwa na makosa manne. Nilijua kuwa kijitabu kitasomwa na watu waliofanya naye kazi tangu ujana. Wao wangeyaona yote manne papo hapo, na baada ya hapo wasingeamini hata yale mazuri ambayo ni kweli.

Nilianza na karatasi, sikuanza na watu. Shemeji alinifungulia sanduku lake la vyeti, nikapanga kila kitu mezani kwa tarehe: cheti cha chuo, cheti cha usajili, barua ya ajira, barua za kupandishwa cheo, barua ya uhamisho. Hapo nikakutana na jambo ambalo huwapoteza wengi. Vyeti vya mwanzo vilikuwa na jina la baba yake, na barua za baadaye zina jina la mume. Nilipompigia afisa utumishi, alitafuta kwa jina la ndoa akaniambia kumbukumbu zinaanzia mwaka 1996. Nilipompa jina la kwanza, miaka minne iliyokosekana ikapatikana. Unapomwandikia mtu aliyebadilisha jina, uwe na majina yote kabla ya kuuliza popote, na uulize familia ni lipi linakwenda kwenye jalada la kijitabu.

Afisa utumishi nilimwomba tarehe na vyeo tu. Jalada la mtumishi lina mengine ndani, kama likizo za ugonjwa, maonyo na malalamiko, na hayo si ya kijitabu wala si yangu kuyasoma. Nilimsomea orodha yangu kwa simu, naye akajibu "ndiyo" au "hapana" akiwa na jalada mbele yake. Tulimaliza kwa dakika kumi.

Sasa hesabu ya miaka. Familia ilihesabu kutoka 1988, mwaka alioondoka nyumbani kwenda chuo. Chuo alimaliza 1991, barua ya ajira ni ya 1992. Kwa hiyo 35 ikawa 31. Kisha kulikuwa na barua ya likizo bila malipo, Septemba 2003 hadi Agosti 2005, na 31 ikawa 29. Neno "mfululizo" nalo likalazimika kuondoka. Nikaandika: "Alijiunga na chuo cha uuguzi mwaka 1988, akaajiriwa mwaka 1992, na alifanya kazi ya uuguzi kwa miaka 29." Ukiisoma polepole utaona mwaka 1988 haukupotea. Familia walikuwa na haki ya kuuona, kwa sababu ndipo safari yake ilipoanzia. Kosa lilikuwa kuuingiza kwenye hesabu ya ajira.

Cheo kilinisumbua kidogo. Wote tulimwita muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, naye aliitika. Barua zilionyesha kuwa alikaimu kuanzia 2011 na akathibitishwa 2013. Kuna waliosema niandike tu 2011, kwa kuwa kazi aliifanya tangu siku hiyo. Nilikataa, kwa sababu kwenye miaka hiyo miwili yupo mtu mwingine ambaye bado jina lake lilikuwa kwenye cheo hicho, na siku ya mazishi angekuwa amekaa mbele yetu. "Alikaimu kuanzia 2011 na kuthibitishwa mwaka 2013" haimpunguzii dada yetu chochote. Inaonyesha kuwa alibeba mzigo wa ofisi miaka miwili kabla ya kupewa kiti.

Kosa la nne, hilo la "mwanzilishi", ndilo lililonifundisha zaidi. Utaratibu wa kuhesabu vifaa ni wa zamani kuliko sisi sote. Vitambaa vya kufyonzea damu, sindano na vifaa vinahesabiwa kabla ya kupasua, vinahesabiwa tena kabla ya kufunga ndani, na tena ngozi inapofungwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, hesabu hiyo iliwekwa miongoni mwa mambo ambayo muuguzi anayathibitisha kwa sauti kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Hivyo yeye hakuuanzisha. Lakini neno lile lilitoka mahali fulani, nami nikataka kujua ni wapi.

Niliwauliza watu watano swali moja: "Alifanya nini ambacho kabla yake hakikufanyika?" Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani", maana utaletewa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, maneno anayopewa kila marehemu. Watatu kati ya watano walinitajia ubao. Zamani ubao mweupe wa hesabu ulikuwa ukutani nyuma ya daktari, na muuguzi peke yake ndiye aliyeuona. Yeye aliomba uhamishwe uwe mbele ya meza ya upasuaji, ili kila aliyesimama pale, daktari na mtoa dawa ya usingizi pia, aone namba zikiandikwa. Bado upo hapo. Nikafuta "mwanzilishi wa utaratibu wa kuhesabu vifaa" nikaandika habari ya ubao kwa sentensi mbili. Waliokuwa wakilinganisha rasimu mbili walisema hii ya pili ndiyo inayomfanana.

Tangu hapo nina tahadhari na vitenzi. "Alianzisha" nakiandika pale tu ambapo kitu hakikuwapo kabla yake na wapo wawili wasiohusiana wanaokubali hivyo. "Aliongoza" kinahitaji barua, au angalau kumbukumbu ya kikao. Nikikosa ushahidi narudi kwenye "alishiriki", au bora zaidi, nasema hasa alichofanya kwa mikono yake: alifundisha wauguzi wapya kufunga vifurushi vya vifaa, alipanga zamu, alisaini daftari. Kitenzi cha kazi halisi kina joto kuliko cheo.

Kuhusu upendo, niliamua kuuweka wote kwenye tukio moja badala ya kuunyunyiza kila mstari. Nililishuhudia mwenyewe. Ilikuwa karibu na alfajiri, upasuaji umechukua muda mrefu, daktari ameshashika uzi wa kufungia. Dada akahesabu, akatulia, akahesabu tena akigusa kimoja kimoja kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ileile aliyotumia kuomba mkasi: "Hesabu haijatimia, daktari. Kimoja hakipo." Hakuna aliyebisha. Tulitafuta ndani ya jeraha, kwenye mikunjo ya mashuka, kwenye ndoo. Mwishoni yeye mwenyewe aliniambia, "Inua mguu, kaka." Kitambaa kilikuwa kimeganda kwa damu chini ya kiatu changu. Akakichukua kwa koleo, akakiweka pamoja na vingine tisa, akaandika kumi ubaoni, ndipo akamwambia daktari, "Endelea."

Nilipoliandika tukio hilo niliondoa mwezi, aina ya upasuaji na umri wa mgonjwa, kwa kuwa kijitabu kinafika mikononi mwa watu wengi na siri ya mgonjwa haiishi muuguzi akifariki. Kiatu kuwa changu nilikiacha. Daktari hakutajwa, lakini nilimpelekea aya hiyo aisome kabla ya kuchapwa, akasema ni sawa.

Ugonjwa wa dada mwenyewe sikuugusa. Hiyo ni sehemu ya familia, nao walikuwa na ukurasa wao. Wasifu wa kikazi ukiingia kwenye chanzo cha kifo, utagongana na yale familia waliyoamua kusema au kutosema.

Urefu uliamuliwa na karatasi. Vijitabu vya namna hii ni shiti za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa pini, kwa hiyo kurasa huongezeka kwa nne nne. Ukizidisha nusu ukurasa, unaweza kuwalazimisha waongeze nne au waondoe picha. Nilipewa kurasa mbili ndogo zenye picha moja, nikaandika maneno 480. Yalitosha pia kusomwa kwa sauti kwa muda usiozidi dakika tano, maana nilishaambiwa yatasomwa kabla ya mwili kuondoka. Ndiyo sababu niliwaomba wanichapie nakala moja ya majaribio, nikamwomba mwenzangu aisome kwa sauti na mimi nikifuatilia kwa kidole kwenye barua za asili. Kwa njia hiyo tulinasa 2013 iliyokuwa imegeuka 2031, na herufi moja iliyokosewa kwenye jina la chuo. Kwenye skrini nilikuwa nimezipita mara nne bila kuziona.

Nakala ya mwisho nilimpelekea shemeji jioni ya siku ya tatu. Jambo moja lilikuwa bado halijaamuliwa. Ile miaka miwili, 2003 hadi 2005, aliondoka kazini kwenda kumuuguza mama yake hadi alipofariki. Nilikuwa nimeandaa njia mbili: kuacha miaka izungumze yenyewe bila kueleza pengo, au kuliandika wazi. Kwa njia ya pili mstari ulisomeka hivi: "Kuanzia Septemba 2003 hadi Agosti 2005 alichukua likizo bila malipo kumuuguza mama yake." Nilimwambia uamuzi ni wake, na kwamba njia zote mbili ni za kweli.

Alivaa miwani akasoma kurasa zote bila kusema neno. Alipofika kwenye mstari huo aliweka kidole, akaurudia mara mbili. "Miaka ile alikuwa akiona aibu," aliniambia. "Alidhani kazini mtamwona mvivu." Akanirudishia karatasi. "Uache hivyo hivyo. Usiondoe hata neno."