Mapigo 46 yaliyo sawasawa si dawa kukubali

"Wakubwa, shikamooni. Niko zamu kwenye zahanati huku Likoni. Nina bibi wa miaka 72, kilo 48, moyo wake hupiga ovyoovyo tangu zamani. Anatumia dijoksini 0.25 na lasiksi 40 kila siku. Wiki hii hataki chakula, ametapika siku tatu na kuharisha kidogo, na asema taa zina duara la manjano. Mapigo yalikuwa 110, sasa ni 46 tena sawasawa, naona dawa imekubali. Kreatinini ya mwezi jana ilikuwa 102, si mbaya. Nimpe omeprazoli na plasili aendelee na dawa zake? Ramadhani je, atafunga? Na kuna dawa ya bei nafuu kuliko hii?"

Kidonge cha leo asimeze. Cha kesho pia asimeze. Plasili irudishe kabatini, maana ukiuzima huo utapikaji utakuwa umeizima kengele na moto umeuacha.

Iliyonitoa kitandani ni hiyo 46 "sawasawa". Moyo uliozoea kupiga ovyo kwa miaka haupati adabu ghafla wiki ileile mgonjwa anayotapika. Vyumba vya juu bado vinatetemeka vilevile. Kazi ya dijoksini ni kupunguza ishara zinazopita kwenye kifundo cha AV, ule mlango kati ya vyumba vya juu na vya chini, kwenda chini. Ikiwa kwa kipimo chake, zinapita chache, mapigo yanashuka, lakini mpangilio unabaki mbovu kwa sababu huko juu hakujatengenezwa kitu. Ikizidi, inafunga njia kabisa. Vyumba vya chini havipati ishara hata moja, basi tishu ya pale kwenye kifundo inaanza kujipigia yenyewe, 40 hadi 60 kwa dakika, na inajipigia kwa mpangilio mzuri sana. Huo uzuri ndio ugonjwa. Polepole na ovyo, dawa inafanya kazi. Polepole na sawasawa kwa mtu ambaye vyumba vyake vya juu hutetemeka, dawa imemfungia mlango.

Aliyetufundisha wengi wetu kwamba "mapigo yakishuka, dawa imekubali" alituachia nusu ya somo, akaenda zake kunywa chai. Mpaka leo tunamdai hiyo nusu nyingine. Ndiyo maana watu wanashika mkono wa mgonjwa kwa sekunde 15, wanazidisha kwa nne, wanaandika 46 na kufurahi. Shika dakika nzima. Unachotafuta hapo si idadi peke yake, ni kama mapigo yanapishana au yamepangika.

Sasa tazama jinsi mzunguko unavyojifunga, maana hapa ndipo watu wanapopoteza wagonjwa. Dijoksini hutolewa mwilini kwa figo, sehemu yake kubwa ikiwa haijabadilika. Ikianza kuzidi, ishara ya kwanza mara nyingi ni kukosa hamu ya kula, halafu kichefuchefu. Mzee asiyekula wala kunywa, anayetapika, na juu yake anaendelea na lasiksi, dawa ya kukojosha, katika joto hili la kaskazi, anakauka. Akikauka, figo zinapungukiwa na damu na uchujaji unashuka. Uchujaji ukishuka, kidonge cha jana kinabaki mwilini, cha leo kinaongezwa juu yake, na kutapika kunazidi. Wakati huohuo matapishi, kuhara na lasiksi vinaondoka na potasiamu. Kila tembe unayomwambia "aendelee nayo" inaingia kwenye mwili unaoitoa kidogo kuliko siku iliyotangulia. Hapo akitokea jirani na sindano ya diklofenaki ya maumivu ya mgongo, figo zimepigwa mara ya pili.

Haya, kreatinini. Hiyo 102 "si mbaya" ni ya kijana mwenye misuli. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na bibi wa kilo 48 hana misuli ya kuitoa, kwa hiyo karatasi ya maabara itakusitiri aibu mpaka siku ya mwisho. Piga hesabu, ni dakika moja, kwa mwanamke na kreatinini ya mikromoli:

```
(140 - umri) x kilo x 1.04 / kreatinini
(140 - 72) x 48 x 1.04 / 102 = 33 mL/min
```

33. Hiyo ni kabla hajaanza kutapika. Kwa figo za namna hiyo 0.25 kila siku ilikuwa nyingi tangu siku ya kwanza. Aliyemwandikia hakuangalia kilo wala umri, aliangalia kidonge kilichokuwepo dukani. Na leo ukirudia kipimo ukakuta 186, hesabu itakupa 18, lakini usiiamini hata hiyo. Kreatinini inayopanda huchelewa nyuma ya figo, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi. Kwa figo nzima nusu ya dijoksini hutoka kwa siku moja na nusu hadi mbili. Figo zikikaribia kusimama, nusu hiyo huchukua siku nne au tano. Ndiyo sababu kuacha kidonge cha leo peke yake hakumtoi hatarini leo. Huyu ni wa kulazwa kwenye mashine ya kuangalia moyo.

Potasiamu, nayo. Naomba mtu yeyote asimpe madafu, yamejaa potasiamu. Najua Mombasa anayetapika huletewa dafu kabla hata hajamaliza kutapika, na kwa siku nyingine sina neno. Dijoksini hukaa kwenye pampu ya sodiamu na potasiamu ya seli za moyo, na potasiamu ya damu huishindania nafasi hapo. Potasiamu ikipungua, dijoksini inajipatia nafasi bila mpinzani, na kiwango ambacho jana hakikuwa na neno leo kinamtia sumu. Magnesiamu ikiwa chini, hali ni hiyohiyo. Lakini dijoksini ikizidi sana, pampu zenyewe zinasimama, potasiamu inashindwa kuingia ndani ya seli, inabaki kwenye damu, na figo zilizochoka haziitoi. Kwa hiyo bibi huyu anaweza kuwa na 2.9 kwa sababu ya lasiksi na kuhara, au 5.9 kwa sababu ya figo na sumu yenyewe. Kwa macho huwezi kujua ni ipi. Ikiwa chini, hurudishwa polepole hospitalini, ilenge 4 hadi 5, na kwa mshipa isizidi mmoli 10 kwa saa bila mashine ya moyo, kwa sababu potasiamu ikiingia kwa kasi huongeza kulekule kuziba kwa kifundo. Ikiwa juu ya 5.5 kwa mtu mwenye mapigo kama haya, hiyo ni dalili ya sumu kali, na anayepokea mgonjwa aambiwe namba hiyo kabla ya salamu.

ECG mpige sasa hivi kama mashine ipo. Usibabaishwe na ST iliyoinama kama kijiko kwenye V5 na V6. Hiyo huonyesha tu kwamba mtu anatumia dijoksini, hata anayeendelea vizuri anayo, na watu wameachishwa dawa bure kwa ajili yake. Tafuta mambo mengine. Kwanza, pima umbali kati ya QRS, alama za vyumba vya chini kupiga, kwa ukingo wa karatasi: hakuna P, alama ya vyumba vya juu, QRS ni nyembamba, umbali ni uleule kila mahali, basi ndio ule mlango uliofungwa niliousema. Pili, mapigo mapana ya ziada, hasa yakipishana moja la kawaida na moja pana mfululizo. Tatu, P za haraka, 150 na zaidi kwa dakika, ambazo nyingine hazifuatwi na QRS. Nne, QRS pana zinazogeuka, moja juu, moja chini, moja juu. Hiyo ya mwisho ukiiona acha kusoma uzi huu, shika simu.

Duara la manjano mwenyewe umeliandika, kisha ukaruka kwenda kwenye omeprazoli ya vidonda vya tumbo. Tangu mwaka 1785 daktari Withering kule Uingereza aliandika kuwa wagonjwa wake waliozidishiwa dawa ya foxglove, mmea wa jamii inayotoa dijoksini, huona vitu kijani na manjano. Mwaka 1785! Vidonda vya tumbo havijawahi kumpaka mtu taa rangi.

Atakayekupinga atakuambia "pima kiwango cha dijoksini kwanza". Pima, lakini angalau saa sita baada ya kidonge cha mwisho, kwa sababu kabla ya hapo dawa haijagawanyika kwenye tishu na namba itatoka kubwa kwa uongo. Na karatasi ikirudi na nanogramu 1.6 kwa mililita, kando yake pameandikwa kawaida ni hadi 2.0, usirudi kulala. Kwa moyo uliochoka tunataka 0.5 hadi 0.9, na mwenye potasiamu ya chini huweza kupata sumu ndani ya hiyo inayoitwa kawaida. Sumu ya dijoksini huamuliwa kwa mgonjwa, ECG, potasiamu na figo. Namba ya dawa ni shahidi tu.

Ukimvusha kwa feri kwenda hospitali: simamisha dijoksini na lasiksi, mshipa uwe wazi, maji kidogokidogo huku ukisikiliza mapafu, kwa sababu moyo wake ni uleule mbovu. Mapigo yakishuka zaidi na presha ikaanguka, atropini 0.5 mg kwa mshipa, inaweza kurudiwa hadi jumla ya 3 mg. Hospitalini waulize mapema kama kingamwili ya dijoksini ipo au inaweza kutafutwa. Chupa ya 40 mg hukamata nusu miligramu ya dijoksini, na hesabu ni kiwango cha nanogramu kwa mililita mara kilo, gawa kwa mia. Kwake, kikitoka 2.6, ni 1.25, yaani chupa mbili. Mtu akipendekeza kumsafisha damu kwa mashine ili kuitoa dijoksini, mwambie haitoki kwa njia hiyo, imejificha kwenye misuli. Kuisafisha damu kwa ajili ya potasiamu ni mjadala mwingine.

Akipona na ikaamuliwa arudi kwenye dawa hii, aanze na 0.0625 kwa siku, kidonge chenye kipimo hicho, si robo ya 0.25 iliyokatwa kwa kisu cha jikoni. Kreatinini na potasiamu zirudiwe baada ya wiki moja, na kila mara akiharisha au akiongezewa amiodaroni, verapamili au klarithromaisini, kwa sababu zote tatu hupandisha dijoksini.

Kwa sasa mvushe feri. Mfungie karatasi ya ECG, kreatinini ya zamani na kopo la vidonge kwenye mfuko mmoja, na juu yake andika saa aliyomeza kidonge cha mwisho. Potasiamu ikitoka iandike hapa.